Sahani ya Kumi na Moja

Lile tangazo niliandika mwenyewe, kwa kidole changu hiki, nimekalia ndoo nyuma ya mgahawa wangu pale Kasulu. Nalisema mapema kwa sababu kuna wakati nilijaribu kumsingizia binti yangu aliyeko Dar es Salaam. Yeye alinipa wazo tu. Maneno ni yangu, na tarehe niliipanga mimi.

Tulikuwa tumetoka Ramadhani na biashara ya mchana ilikuwa imelala. Halafu barabara ya pili pale mtu akafungua mgahawa wenye televisheni kubwa, na nikaona bodaboda wangu wawili watatu wameanza kupotea. Mimi si mtu wa kunyamaza. Nikampigia binti yangu simu nikalia weee, mwisho akanitumia picha ya kadi aliyopewa kwenye duka la kahawa kule mjini. Kila ukinywa kikombe unagongewa muhuri, ukijaza kadi unakunywa cha bure. "Mama, watu wanapenda vya bure," aliniambia. "Lakini weka mwisho wake. Usipoweka mwisho watu watakuletea kadi mpaka umekuwa bibi."

Nikaenda steshenari. Kijana wa pale akanichorea kadi nzuri, ndogo, ya rangi ya chungwa, ina visanduku kumi na picha ya sahani inafuka moshi. Kuchapa na nyuma ilikuwa bei nyingine. Nikamwambia acha, nyuma ibaki nyeupe, masharti nitayaweka kwenye simu. Nikachongesha na kimuhuri kidogo cha duara chenye picha ya samaki. Jioni yake nikapiga picha kadi ikiwa imelala kando ya sahani ya wali na samaki wa mgebuka, chini yake nikaandika hivi:

"WATEJA WETU WAPENDWA, KADI IMEFIKA! Kila sahani ya chakula cha mchana unayonunua unagongewa muhuri mmoja. Ukifikisha mihuri kumi, sahani ya kumi na moja ni BURE: wali au ugali, pamoja na mboga ya siku. Sahani ya bure haigongewi muhuri, unaanza kadi mpya. Kadi hatuuzi, tunakupa. Mwisho wa mihuri na sahani zote za bure ni tarehe 31 mwezi wa tano. Baada ya hapo kadi haitapokelewa. Karibuni tule!"

Nikaitupia status. Watu wakaangalia, wakaniwekea vimioyo na vidole gumba, nikajisikia mfanyabiashara wa kisasa kabisa. Kesho yake jioni status ikafutika yenyewe kama zinavyofutika zote. Sikuirudisha. Kwa akili yangu mji mzima ulikuwa umeshajua.

Na kwa nini mwisho wa mwezi wa tano? Hapa ndipo penye jambo. Ng'ambo ya barabara yangu kuna shule ya sekondari, na walimu wake ndio walionisimamishia mgahawa. Karibu wote ni watu wa mbali waliopangiwa huku: Mbeya, Moshi, Singida, hawana mke wala mama wa kuwapikia mchana. Mwezi wa sita shule inafunga, wanapanda mabasi, na mimi nabaki na sufuria zangu tukitazamana. Mwezi wa sita nauogopa tangu nifungue. Nikasema kama ni kutoa vya bure, nivitoe wakati watu wapo na hela inaingia, siyo mwezi wa njaa. Hesabu yangu ilikuwa hiyo, na sikuona kosa lake.

Walimu hawaji kula wote. Wana desturi yao: asiye na kipindi kabla ya mapumziko anatumwa, au kwa ukweli anatumwa mdogo wao kuliko wote. Kwa mwaka ule mdogo wao alikuwa mwalimu mmoja wa hesabu, kijana mrefu, mwembamba, mtu wa huku huku, kwao kijiji cha ndani ndani huko Kibondo. Anakuja na hotpoti kubwa mbili na karatasi yenye oda za watu. Wali wawili, ugali wanne, huyu hataki mchuzi, yule anataka pilipili. Alikuwa na adabu mpaka inakera. "Shikamoo mama. Mama, samahani, kama hutajali." Mimi nimezaliwa Ujiji, kwetu mtu anaingia anasema anachotaka na kelele juu. Huyu alikuwa anaomba chakula alicholipia.

Kadi zilipoanza, nikawa nagonga mihuri yote ya oda ile kwenye kadi yake. Sahani sita, mihuri sita. Tangazo lilisema kila sahani, halikusema kila mtu. Siku ya pili tu kadi ikajaa, nikampa ya pili, ikaja ya tatu. Siku nyingine alikuwa anaweka kadi iliyojaa juu ya meza, polepole, kama mtu anayeweka yai, anasema, "Na hii moja ya ugali, mama." Ninaichukua kadi, naichana, nampakulia.

Nikaanza kuudhika, nisiseme uongo. Roho ilinisumbua. Nikajiuliza, jamani, hawa wenzake wanatoa hela zao, huyu anavuna mihuri. Mwalimu mzima! Siku moja nilimtania mbele ya watu, "Mwalimu, wewe hesabu unaijua kweli, wenzako wanakula kwa hela, wewe unakula kwa miguu." Bodaboda wakacheka. Yeye naye akacheka kidogo, akashika hotpoti zake akavuka barabara. Nikaona kumbe ni mtani, mambo yameisha.

Kitu kimoja nilikiona nisikitie maanani. Kadi alizojaza zilikuwa nyingi kuliko alizoniletea. Nilidhani nyingine anawapa wenzake.

Shule ikafunga. Walimu wakapita kuniaga mmoja mmoja na mabegi yao. Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa sita, saa saba mchana, nimekaa nafukuza nzi, nina wateja watano tu, bodaboda na bwana mmoja wa ofisi ya kata, akaingia yule mwalimu. Peke yake, bila hotpoti. Nikamuuliza hakwenda kwao? Akasema amebaki, kidato cha nne wameomba wafundishwe hesabu likizo nzima, mtihani uko karibu na wako nyuma.

"Haya, karibu. Ugali au wali?"

"Ugali, mama." Akatoa kadi mfuko wa shati. Zilikuwa tisa, amezifunga na raba, zote zimejaa samaki wangu kumi kumi, safi, hata kona hazijakunjika. Akachomoa ya juu akaniwekea.

Nikacheka. Wallahi nilianza kwa kucheka. "Mwalimu, hizi zimekufa."

"Zimekufa vipi, mama?"

"Mwisho ilikuwa tarehe thelathini na moja. Leo tuko mwezi mwingine."

Akaigeuza ile kadi akatazama nyuma. Nyuma ilikuwa nyeupe. Akatazama tena mbele. Akasema kwa sauti ya chini, "Haijaandikwa, mama. Sikujua kama zina mwisho."

Kama angekuwa mtu wa kufoka tungefokeana tukamaliza. Ule upole wake ndio ulionipandisha. Niliona kama ananifanya mimi mwongo mbele ya wateja wangu, na wateja wenyewe ndio hao watano. "Hukujua? Tangazo si nililiweka status? Mji mzima umeliona!"

Akatoa simu yake. Kitochi, cha vitufe, kimefungwa na raba kama zile kadi. Akakiinua nikione. Bodaboda mmoja akaangua kicheko, "Mwalimu hana status!" Wakacheka wote na bwana wa kata naye akacheka. Na mimi, badala ya kunyamaza hapo, nikaendelea. Ulimi wangu huu!

"Sikiliza, mwalimu. Kwanza hiyo mihuri si yako. Ni jasho la wenzako. Umekula vya watu miezi miwili nimekaa kimya, sasa unataka na likizo ule kwa mgongo wao? Hapana. Nikikupa wewe, kesho watakuja wote. Sheria ni sheria."

Akaichukua ile kadi moja, akairudisha kwa wenzake, akazigongagonga mezani zikakaa sawa, halafu akaziacha pale pale. "Basi, mama. Asante," akasema. Akatoka. Nilimwona anavuka barabara bila kutazama kushoto wala kulia.

Nilizifagia zile kadi nikazitupia kwenye droo. Nikajiambia nimesimamia biashara yangu. Jioni hiyo nikabaki na ugali mwingi, nikawapa mbwa wa jirani.

Mwezi wa sita ukaendelea kuwa mwezi wa sita. Kila siku saa saba nilikuwa nasikia sauti yake ng'ambo, madirisha ya shule hayana vioo: "Tukihamisha hii, alama inakuwaje?" Na watoto wanaitikia. Hakuvuka tena. Nilikuwa namwangalia kwa pembe ya jicho nikiosha vyombo. Mara mbili nilimpungia mkono, akaniinamia kwa heshima akaingia darasani. Nikajua amenuna. Nikasema anune, mwanaume mzima ananunia ugali.

Wiki ya tatu akaja mwanafunzi mmoja wa kike, yuko kidato cha nne hicho hicho, ameshika sarafu za shaba kwenye kiganja, zimeloa jasho. Akaniuliza nina chakula cha bei gani ya chini kabisa. Nikamwambia inategemea, ni chako? Akatikisa kichwa. "Tumechanga. Cha mwalimu. Siku hizi anafundisha amekaa. Akisimama anashika ubao."

Mikono yangu ilikuwa kwenye maji ya vyombo. Nikamwuliza, mwalimu wenu si ana mshahara? Yule mtoto akanitazama kama anatazama mtu mpumbavu, kwa adabu lakini. "Huyu wa kujitolea, mama. Hajaajiriwa. Sisi wote tunajua."

Mimi sikujua. Yarabi, mtu anakuja kwangu kila siku ya kazi, nimemtania, nimemtukana, na sikujua.

Nikampigia simu mwalimu wa taaluma, mama mtu mzima wa Mbeya ambaye tumezoeana, alikuwa kwao likizo. Nikamweleza yote, na yale maneno yangu nikamweleza, ingawa niliyapunguza makali. Akasema, "Dada, ile mihuri ni sisi tulimpa. Ulipotoa tangazo mimi ndiye niliyelisoma ofisini. Yule kijana ukimpa chakula anasema ameshiba. Tumejaribu kila namna, ameshiba tu, huku shati linamning'inia. Tukasema basi, anayefuata chakula mihuri ni yake, ndiyo ujira wake. Hapo akakubali, kwa sababu ameifanyia kazi. Siku nyingine nilikuwa naagiza sahani nisiyoihitaji ili kadi ijae. Kadi nyingine alikuwa anaziweka akiba ya likizo. Mimi tarehe niliisoma, dada, nikaisahau. Nilijua nawe unaelewa."

Nawe unaelewa.

Wote wawili tulikuwa tunauogopa mwezi huo huo. Mimi nikafunga mlango mwisho wa mwezi wa tano ili nisilishe watu bure wakati wa njaa, yeye akajinyima ugali wa mwezi wa nne na wa tano ili mwezi wa sita asimame mbele ya wale watoto. Na tarehe ile niliipanga mimi, nimekalia ndoo.

Nilipakua hotpoti mbili. Wali, migebuka, maharage, mchicha, nikaweka na ndizi. Nikachukua zile kadi tisa kwenye droo. Nikavuka barabara na kanga yangu ya jikoni, sikujali. Darasani watoto wote wakasimama, "Shikamoo mama." Yeye alikuwa amekaa kwenye kiti kando ya ubao, akasimama pia, akashika meza.

"Mwalimu, nimekuletea chakula. Ni kadi zako hizi, nimezileta, zinafanya kazi."

Akatabasamu. Mdomo wake ulikuwa umepauka. "Zimekwisha, mama. Ulisema mwenyewe, sheria ni sheria."

"Nilikosea. Nisamehe."

"Nimeshakusamehe, mama. Lakini nimeshiba."

Yule binti wa sarafu alikuwa ameinamisha kichwa kwenye daftari. Ningemwita nje. Ningempelekea nyumbani alikopanga. Ningemtuma mtu mwingine, niseme ni cha shule. Yote hayo niliyawaza baadaye nikioga. Pale nilifanya kitu kile kile nilichokifanya mara ya kwanza, nilisema naye mbele ya watu. Niliwaachia watoto chakula, wakala wao, naye akawaangalia wanavyokula. Kesho yake hakusikika. Watoto wakasema amepanda gari la Kibondo alfajiri, amesema anakwenda kupumzika kidogo.

Shule ikafunguliwa mwezi wa saba, hakurudi. Sasa hotpoti zinaletwa na mwalimu wa taaluma mwenyewe, na umri wake ule. Siku ya kwanza nilimpa kadi mpya, nyuma imechapwa masharti yote. Akaisoma, akanirudishia. "Usigonge, dada," alisema. Hakusema kwa ubaya. Mpaka leo wale walimu hawataki muhuri, na ubao wa hesabu wa kidato cha nne una mwalimu wa kuazima mara mbili kwa wiki.

Nikavumilia wiki tatu. Kisha nikamwomba mwalimu wa taaluma jina la kijiji, nikasema nakwenda Kibondo kununua maharage, na kweli maharage nilinunua. Nikaacha gunia stendi, nikachukua bodaboda mpaka njia ikaisha kwenye migomba. Mama yake alikuwa anapepeta mahindi uani. Mwanamke mfupi, Kiswahili chake kimechanganyika na Kiha. Nikajitambulisha, mimi ndiye mama mwenye mgahawa pale Kasulu karibu na shule.

Ungo ukadondoka. Alinishika mikono yote miwili. "Ni wewe! Ni wewe uliyekuwa unamlisha mwanangu!" Akaita majirani kwa Kiha, wakaja wawili, akawa ananionyesha. Aliwaambia, na mimi nikatafsiriwa, kwamba mwanawe alikuja Pasaka akasema huko aliko kuna mama anampa sahani bure, hana taabu, mama yake asiwe na wasiwasi naye.

Nikamwuliza yuko wapi. Amekwenda Kakonko kwa mjomba wake kuvuna, hajui atarudi lini. "Alikuja amekonda," akasema. "Nikamwuliza, yule mama wa Kasulu naye amesafiri?"

Nikafungua mdomo. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, nimeyapanga kwenye basi, nimeyapanga kwenye pikipiki. "Mama, mimi siye," nikaanza. Akaniwekea beseni la maji ya kunawa, akasema kwake mgeni hasemi na njaa. Akaleta ugali wa muhogo na maharage, sahani imejaa mpaka inamwagika, yeye na majirani wakakaa kunitazama. Nikala. Tonge kwa tonge, mpaka chini, kwa sababu kusema nimeshiba nisingethubutu kwenye nyumba ile.

Nilipoaga alisema subiri. Akaingia ndani, akatoka na Biblia, akaifungua katikati akatoa kadi ya rangi ya chungwa. Samaki kumi. "Hii aliniachia Pasaka," akasema. "Alisema nikija Kasulu hospitali nikuonyeshe, nitakula. Miguu ilinikataa, sijaja." Akaigeuza akatazama nyuma, nyeupe, kisha akanitazama mimi kwa haya, kwa adabu ile ile ya mwanawe. "Sijachelewa, mama? Bado inafaa?"

"Inafaa," nikamwambia. "Haina mwisho."

Akacheka, akairudisha kwenye Biblia taratibu. Nikapanda pikipiki, na maneno yangu yote niliyoyapanga nikarudi nayo Kasulu.